Mikanda Myeusi ya Taa za LED na Neno «Kasi» Linalotupoteza

Nimekutana tena na ushauri uleule: mtu analalamika kwamba video aliyorekodi kwa simu chini ya taa za LED ina mikanda myeusi inayotambaa kutoka juu kwenda chini, naye anajibiwa kwa kifupi, «Weka kasi 50, itaondoka.» Mlalamikaji akafungua programu yake ya kurekodia, akaitoa FPS, yaani idadi ya picha au fremu za video kwa sekunde, kwenye 30 na kuiweka kwenye 50, akarekodi upya, kisha akarudi kueleza kwamba mikanda bado ipo, ila sasa imesimama mahali pamoja. Hapo akaambiwa kamera yake ni mbovu. Kamera haikuwa na kosa lolote, na hata aliyemshauri hakuwa mbali na ukweli. Kilichowapoteza wote wawili ni neno moja, «kasi».

Chanzo cha mikanda hakihitaji maneno mengi. Taa ya LED inayotumia umeme wa ukutani bila kifaa kizuri cha kuulainisha umeme huo haiwaki mfululizo, bali hupepesa, yaani hung'aa na kufifia mara mbili katika kila mzunguko wa umeme. Umeme wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, huipa mapigo 100 ya mwanga kwa sekunde, na ule wa hezi 60 huipa 120. Balbu ya zamani ya waya haikutusumbua kiasi hiki kwa sababu waya wake hubaki na joto, na kwa hiyo na mwanga, kati ya pigo moja na jingine, ilhali LED hufifia papo hapo umeme unapopungua. Jicho haliyafuati mapigo hayo. Kihisi cha simu huyafuata, kwa kuwa hakiipokei picha nzima kwa pamoja: husoma safu baada ya safu, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Safu zilizopokea mwanga wakati taa imefifia ndizo zinazotoka kama mkanda mweusi.

Sasa tuje kwenye neno «kasi». Tunasema «kasi ya fremu» na tunasema «kasi ya shata», na katika mazungumzo ya haraka yote mawili hufupishwa kuwa «kasi» tu. La kwanza limestahili jina lake, kwa sababu fremu 25 au 30 kwa sekunde ni mwendo kweli, ni hesabu ya vitu vinavyopita katika muda fulani, kama tunavyosema maji yanakwenda kwa kasi. La pili si kasi hata kidogo. Namba 1/50 inataja muda: ni sehemu ya hamsini ya sekunde ambayo kila safu ya kihisi hukaa wazi ikikusanya mwanga. Tatizo linakomazwa na desturi ya zamani ya kuandika 50 peke yake kwenye gurudumu la kamera, ile 1 na mkwaju vikaachwa kwa kukosa nafasi, na baadhi ya programu za simu bado huonyesha hivyo. Matokeo yake, «50» ya shata na «50» ya fremu zinafanana kama mapacha, na «ongeza kasi ya shata» humaanisha kupunguza muda, jambo ambalo humchanganya kila anayeanza. Mimi nimeacha kusema kasi ya shata. Nasema muda wa shata, ingawa ndani ya simu hakuna pazia linalofunguka na kufungwa, kwa kuwa kazi hiyo hufanywa na kihisi chenyewe.

Tofauti hii si ya kuchagua maneno tu, kwa maana kila kimoja kina kazi yake katika tatizo letu. Muda wa shata ndio unaoamua kama mkanda utakuwapo. Kasi ya fremu huamua kama mkanda uliopo utatembea au utasimama.

Chukua mfano wa bomba linalotoa maji kwa vishindo 100 kila sekunde. Ukikinga kikombe kwa muda wa kishindo kimoja kamili, utapata maji yaleyale hata kama ulianza kukinga katikati ya kishindo, kwa sababu ulichokikosa mwanzoni utakipata mwishoni. Ukikinga kwa vishindo viwili kamili, ni vivyo hivyo. Lakini ukikinga kwa kishindo kimoja na theluthi mbili, kikombe kimoja kitajaa zaidi ya kingine, kutegemea ulianza lini. Kila safu ya kihisi ni kikombe cha namna hiyo, na kila safu huanza kukinga kwa kuchelewa kidogo baada ya ile iliyotangulia. Ndiyo maana, penye umeme wa hezi 50, muda wa shata wa 1/100 au 1/50 huifuta mikanda, na penye hezi 60 kazi hiyo hufanywa na 1/120 au 1/60. Tukibaki na hezi 50 na taa inayofifia kabisa kati ya mapigo, muda wa 1/60 huipa safu yenye bahati takriban asilimia 16 zaidi ya wastani, na isiyo na bahati asilimia 16 pungufu, kwa hiyo mikanda huonekana kama kivuli chepesi. Kwa 1/500, safu iliyoangukia gizani hupata chini ya sehemu ya kumi ya mwanga wa wastani, na huo ndio mkanda mweusi tunaoulalamikia.

Kasi ya fremu haiongezi wala kupunguza maji ndani ya kikombe. Kwa fremu 25 au 50 kwa sekunde, kila fremu huchukua mapigo manne au mawili kamili, hivyo kila fremu mpya huanza mahali palepale pa pigo na mkanda husimama. Kwa fremu 30, kila fremu huchukua mapigo matatu na theluthi, hivyo mkanda huruka theluthi ya hatua kila mara, na macho huona picha inatetemeka au inatambaa. Ndivyo ilivyomtokea mlalamikaji wetu. Alibadilisha fremu, mikanda ikasimama, na simu ikaendelea kujichagulia muda mfupi wa shata kwa sababu chumba kilikuwa na mwanga mwingi.

Hilo la mwisho ndilo gumu halisi kwa mtumiaji wa simu. Tuseme simu imechagua 1/500 kwa ISO 100, ISO ikiwa kipimo cha jinsi simu inavyoukuza mwanga uliopokewa, katika chumba chenye dirisha kubwa. Ukiurefusha muda hadi 1/100, mwanga unaoingia huwa mara tano, na kwa kuwa tundu la lenzi katika simu nyingi halibadiliki, unabaki na ISO ya kushusha. Kama simu haishuki chini ya ISO 50, umepunguza nusu tu, na picha bado imeungua kwa mwanga wa mara mbili na nusu ya ule unaotakiwa. Hapo huna budi kupunguza mwanga kabla haujafika kwenye lenzi. Kichujio cha ND4, ambacho hupitisha robo ya mwanga, hukuwezesha kurekodi kwa 1/100 na ISO 80 huku mwangaza wa picha ukibaki ulivyokuwa mwanzo. Ukitaka 1/50, weka ND8 na ISO ibaki 80. Asiye na kichujio afunge pazia la dirisha au amhamishe anayerekodiwa. Baada ya hapo muda wa shata ufungwe, usiachiwe simu, la sivyo utabadilika mara tu mtu mwenye shati jeupe atakapopita mbele.

Kabla ya kurekodi, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe usio na kitu, weka 1/1000 ili mikanda ijitokeze wazi, kisha shuka hadi 1/100. Ikifutika, mhusika ni umeme wa ukutani. Itazame pia mikanda ilivyo mingi: mikanda minene miwili au mitatu ni ya mapigo ya umeme, lakini mistari myembamba mingi, kama meno ya kitana, mara nyingi hutoka kwenye taa iliyopunguzwa mwanga kwa swichi inayoiwasha na kuizima mamia au maelfu ya mara kwa sekunde. Hiyo haina uhusiano na 50 wala 60. Ipandishe taa hadi mwanga wake wote, au usogeze muda wa shata kidogo kidogo mpaka mistari ipotee. Na anayetaka mwendo wa polepole wa fremu 120 au 240 penye umeme wa hezi 50 ajue kwamba hesabu imemkatalia, kwani fremu ya 1/120 haina nafasi ya kukaa wazi kwa 1/100. Kwake dawa ni kubadilisha taa, au kutumia mwanga wa jua.

Kwa video iliyokwisha kurekodiwa, kasi ya fremu ina mchango wa kushangaza. Ile video ya fremu 30 chini ya mapigo 100, ambayo mikanda yake inaruka theluthi moja moja, hurudia mpangilio wake kila baada ya fremu tatu. Ukichanganya fremu tatu zinazofuatana na kuchukua wastani, mahali penye giza katika fremu moja hufidiwa na mwanga wa nyingine mbili, na mikanda hukaribia kufutika. Programu ya FFmpeg hufanya hivyo kwa amri moja:

```
ffmpeg -i asili.mp4 -vf tmix=frames=3 -c:a copy safi.mp4
```

Gharama yake ni kwamba chochote kinachosogea huacha kivuli nyuma yake, kwa hiyo njia hii huwafaa watu waliokaa na kamera iliyosimama juu ya miguu mitatu. Chujio liitwalo `deflicker` katika programu hiyohiyo ni jambo jingine: hulinganisha mwangaza wa fremu nzima na za jirani, kwa hiyo hutuliza picha inayopepesa yote kwa pamoja, lakini mkanda uliomo ndani ya fremu huuacha ulivyo. Tena yule aliyehamia fremu 50 bila kugusa shata amejifungia mlango huu, kwa sababu mikanda yake imesimama mahali pamoja katika kila fremu, na wastani wa fremu tatu zinazofanana ni fremu ileile.

Kwa hiyo «weka 50» si ushauri wa uongo, umekosa tu maneno matatu. Ukimwambia mwenzako «muda wa shata 1/50», pamoja na ile 1 na mkwaju wake, hatakwenda kuitafuta kwenye orodha ya FPS.