Maji mazito, wimbi zito: hapana

Jumamosi iliyopita nilikuwa mwaloni Ggaba, kando ya Ziwa Victoria, na wanafunzi wanane wa kidato cha tano, tunahesabu mawimbi yanayopita kwenye nguzo ya gati. Mmoja wao, kijana aliyewahi kwenda kwa shangazi yake Mombasa, akasema kwa uhakika kabisa: "Mwalimu, kule pwani mawimbi huenda polepole kuliko haya, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Hii ni mara ya nne mwaka huu, na mara moja aliyeyasema hayo ni mwalimu mwenzangu wa fizikia. Nimechoka, basi naandika.

Najua wazo linatoka wapi. Linatoka kwenye uzi. Chukua endingidi, fidla ya Kiganda yenye uzi mmoja tu. Ukikaza, sauti inapanda. Ukibadilisha ukaweka uzi mnene, sauti inashuka. Kwa hiyo kasi ya wimbi kwenye uzi inategemea mvutano F na uzito wa kila mita ya uzi, μ. Inategemea vipi? Hatuhitaji kukokotoa chochote kuhusu jinsi uzi unavyopinda. Tunauliza vizio peke yake. Mvutano ni kg·m/s². Uzito wa kila mita ni kg/m. Kasi ni m/s. Tunaandika:

```
v = F^a · μ^b
kg:  a + b = 0
s:   -2a = -1
m:   a - b = 1
```

Mstari wa sekunde unatupa a = 1/2, wa kilo unatupa b = -1/2, na wa mita unakubaliana nao. Kasi ni kipeuo cha pili cha F/μ. Uzi wa gramu moja kwa mita, uliovutwa kwa nyutoni 40, unabeba wimbi kwa mita 200 kwa sekunde. Ukiwa na urefu wa nusu mita, unalia mara 200 kwa sekunde. Ukitaka sauti ipande oktava nzima, lazima mvutano uwe mara nne, wala si mara mbili, na hapo ndipo nyuzi za watu hukatika.

Haya, sasa ziwa. Kijana wangu amehamisha hukumu ya uzi hadi kwenye maji bila kuuliza kitu kimoja: ni nani anayevuta? Tuandike orodha. Wimbi la ziwani linarudishwa chini na graviti, g, yenye m/s². Lina urefu wake kutoka kilele hadi kilele, λ, kwa mita. Maji yana kina h, kwa mita. Na kwa heshima ya kijana, tuweke densiti ρ, kg/m³.

Tazama kilo. Kwenye orodha yote, kilo iko ndani ya densiti peke yake. Kasi haina kilo. Ukiiingiza densiti, kilo inaingia nayo na hakuna mwenzake wa kuifuta. Kipeo chake ni sifuri. Densiti imetoka mlangoni kabla hatujaanza, na ziwa letu la maji baridi na Bahari ya Hindi ziko sawa.

Wanafunzi huona huu ni ujanja wa karatasi, kwa hiyo ngoja nilieleze kwa mikono. Kwenye uzi, anayevuta ni kigingi. Kigingi hakijui uzi ni mzito au mwepesi. Kinavuta kwa nguvu ileile, na uzi mzito unachelewa kuitikia. Kwenye maji, anayevuta ni dunia, na dunia huvuta kila kitu kwa kadiri ya uzito wake. Maji yakiwa mazito mara mbili, ni magumu kusukumwa mara mbili, lakini pia yanavutwa chini mara mbili. Ndilo jambo lilelile la jiwe kubwa na dogo kuanguka pamoja. Kila mtu analikubali kwa mawe, akifika majini anasahau.

Tumebaki na g, λ na h. Hapa njia inakwama, na vitabu vingi vinapita hapo mbiombio. Mita ziko mbili, λ na h, na vizio haviwezi kuzitenganisha. √(gλ) ni kasi. √(gh) nayo ni kasi. Hata λ ikizidishwa kwa g, ikagawanywa na kitu chochote cha h/λ, bado unapata kipeuo chenye m/s. Vizio vimefika mwisho, inabidi ufikiri. Kwenye kina kirefu maji ya chini hayatikisiki, basi wimbi halijui sakafu iko wapi, na h haina la kusema: jibu ni √(gλ) mara namba fulani. Karibu na ufuo, kina kikiwa kidogo sana kuliko urefu wa wimbi, h ndiyo inayotawala na λ inanyamaza: √(gh).

Namba fulani hiyo ndiyo aibu yetu. Kwenye maji ya kina kidogo ni moja, kwa bahati. Kwenye kina kirefu ni moja chini ya kipeuo cha 2π, yaani kama 0.4. Wimbi la mita 6 ukilipigia hesabu kwa vizio peke yake unapata mita 7.7 kwa sekunde. Ukweli ni karibu 3.1. Vizio havitakuambia hilo kamwe. Vinachokuambia ni kwamba wimbi refu mara nne linakwenda mara mbili ya kasi.

Lipimeni nyumbani. Nilichukua trei ya kuokea ya sentimita 40, nikaweka maji ya sentimita moja, nikainua upande mmoja nikaachia. Wimbi likaenda na kurudi mara tatu, mita 2.4. √(gh) inasema sekunde 7.7, simu yangu ilionyesha 8 kasoro. Nikaongeza maji hadi sentimita 4: ikashuka hadi kama sekunde 4. Kina mara nne, muda nusu.

Kisha kwa kujiamini nikajaza mafuta ya kupikia ili nimkate maneno kijana. Nikapata karibu vilevile. Akaniuliza, kwa adabu, wazo lake lingetabiri tofauti ya kiasi gani. Tukapiga hesabu: densiti ya mafuta ni kama 920 badala ya 1000, kwa hiyo tofauti ni asilimia nne hivi, chini ya makosa ya kidole changu kwenye simu. Jaribio langu halikuthibitisha kitu, na mafuta ya mke wangu yalikuwa na vumbi. Chumvi ya bahari ndiyo kabisa: densiti ya 1025 inabadilisha asilimia moja tu hata kama angekuwa sahihi.

Kuna na hili. Orodha niliiandika nikijua jibu tayari. Ningesahau g, nisingepata kasi yoyote, na hapo angalau njia ingepiga kelele. Lakini ningesahau mvutano wa uso wa maji, σ, hakuna kelele yoyote. Wenyewe una kg/s², una kilo, na ukiuingiza densiti inarudi ndani kwa mlango wa nyuma: √(σ/(ρλ)). Viwimbi vidogo vyenye urefu chini ya sentimita 1.7 hivi hutawaliwa na huo, na viwimbi hivyo kwenye maji mazito kweli huenda polepole. Kwa hiyo kijana alikuwa sahihi kuhusu viwimbi vinavyotetemeka kwenye kikombe cha chai. Sijamwambia bado.