Je, wajua? Ukumbi wa uzinduzi wa kitabu hujazwa wiki ya mwisho

“Nilitangaza uzinduzi wa kitabu changu mwezi mzima kabla. Bango lilipendwa na watu zaidi ya mia tatu, lakini ukumbini hawakufika hata thelathini. Kwa nini?”

Kwa sababu mkazi wa mjini haamui leo atakachofanya Jumamosi ya mwezi ujao. Huamua Alhamisi au Ijumaa, akishajua kama kuna msiba mtaani, kikao cha harusi ya binamu, au kama mfukoni mmebaki nauli. Tangazo la mwezi mmoja kabla hulisoma, hufurahi, hubonyeza alama ya kupenda, basi. Ile alama ni hongera. Isitoshe, wengi wa hao mia tatu wako Mwanza, Mombasa, Maskati au Birmingham, na hata wangetamani vipi wasingefika.

Mwezi huo wa kwanza si bure, ila kazi yake ni nyingine. Kuna watu wachache ambao lazima waambiwe mapema, na kuna umma ambao lazima uambiwe karibu. Waandishi wengi huupigia umma kelele wakati wa wachache, na wiki ya umma ikifika tayari wamechoka, wanaona haya kurudia, wanasema “nilishatangaza.”

Tuchukue mfano wenye tarehe. Mwandishi wa riwaya yuko Dar es Salaam, ana ukumbi wa viti 80, na amechagua Jumamosi, 27 Juni 2026, saa 9:00 alasiri. Tarehe si mbaya. Mishahara ya wengi imetoka. Kombe la Dunia linaendelea Marekani, Kanada na Meksiko, lakini kwa saa zetu mechi zinaanza kati ya jioni na asubuhi, kwa hiyo alasiri haina mpinzani. Maonesho ya Sabasaba yanafunguliwa kesho yake, kwa hiyo foleni ya Barabara ya Kilwa haijaanza. Tatizo ni moja: Juni shule ziko likizo, na walimu wengi wanakuwa wamerudi mikoani. Kama kitabu chake kinawahusu walimu wa fasihi, mwaliko wao hautakiwi kusubiri Juni. Uwafikie Mei, wangali shuleni, na hata hivyo awahesabu kama wasomaji wa Julai zaidi kuliko wageni wa siku hiyo.

Kabla ya yote, vitabu viko wapi? Uzinduzi wenye nakala moja ya sampuli mezani nimeuona zaidi ya mara moja, na hakuna tangazo linaloweza kuuponya. Kama vimechapwa nje vinakuja kwa meli, tarehe ya kufika aliyoahidi mchapaji si tarehe ya kutangazia watu, maana bado kuna kuvitoa bandarini. Kama vinachapwa hapa nchini, muulize mchapaji swali moja: ameshapokea faili la mwisho lililoidhinishwa? Akijibu “bado tunarekebisha jalada,” ujue hata wino haujagusa karatasi. Kanuni yangu ni kwamba bango halitoki mpaka maboksi yawe ndani ya nyumba, au angalau yawe yametoka bandarini.

Wiki sita kabla, yaani katikati ya Mei, anaandikiwa mgeni rasmi. Kwetu mgeni rasmi ana uzito ambao wageni wa nchi nyingine hawauelewi. Yeye ndiye anayewavuta wapiga picha, na mara nyingi ndiye anayeanzisha ununuzi: anachukua nakala kumi kwa ajili ya shule ya kijijini kwao, na waliokaa mstari wa mbele hawawezi kubaki mikono mitupu. Barua huenda kwa katibu muhtasi wake, nakala ya kitabu ikiwa imeambatishwa, kisha inafuatiliwa kwa simu kila wiki. Jina lake halichapwi kwenye bango mpaka ajibu. Na akijibu, iulizwe wazi kama atakuja mwenyewe au atatuma mwakilishi, maana watu waliokuja kumwona yeye wakimkuta mwakilishi hunung'unika mpaka mwisho.

Wiki tatu kabla, watangazaji wa redio na waandishi wa kurasa za utamaduni wanapelekewa kitabu chenyewe. Hapa wengi hukosea kwa kupeleka tangazo. Mtangazaji wa kipindi cha asubuhi hahitaji habari kwamba kuna uzinduzi, kwa sababu kila wiki kuna uzinduzi. Anahitaji kitu cha kuzungumza kwa dakika kumi na tano. Kama riwaya inahusu wavuvi wanaotumia baruti, mpeleke hilo: kwa nini mvuvi anachagua baruti akijua inaua mazalia ya samaki? Kitabu na ukumbi vitatajwa mwishoni vyenyewe. Mahojiano hayo yaombwe wiki tatu kabla lakini yarushwe wiki ile ile ya shughuli. Yakirushwa tarehe 6, msikilizaji aliyevutiwa atakuwa amesahau kufika tarehe 27.

Bango sasa. Linatoka takriban siku kumi na nne kabla, na linahitaji dakika chache za ukali. Angalia saa kwanza. “Saa 8:00” kwenye bango la Kiswahili inawasumbua watu kweli: mmoja anasoma saa nane mchana, mwingine aliyezoea saa ya simu anasoma saa mbili asubuhi. Andika “saa 9:00 alasiri,” usiache saa peke yake. Kisha siku na tarehe zikubaliane, maana bango lenye “Ijumaa, 27 Juni” litazua maswali ambayo hutakuwepo kuyajibu, na lile lenye kosa ndilo litakalozidi kusambaa hata ukitoa jipya. Mahali pawe na alama inayojulikana na dereva wa bodaboda: kituo gani cha daladala, karibu na nini, ghorofa ya ngapi. Kiingilio kama ni bure, iandikwe ni bure, kwa sababu wapo wanaobaki nyumbani kwa kudhani watadaiwa. Bei ya kitabu nayo iandikwe. Mtu akijua ni shilingi 20,000 hujiandaa; asipojua huja na nauli tu. Na ile 20,000 iwe kamili, maana bei ya 18,500 itakusimamisha mlangoni ukitafuta chenji wakati mgeni rasmi anaingia.

Halafu inakuja wiki yenyewe, na hapa ndipo viti vinapojaa. Bango lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp lenye mamia ya watu huzikwa na salamu za asubuhi ndani ya saa moja. Hali ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo iliyowekwa Jumatatu haimsaidii anayeamua Ijumaa. Orodha ya matangazo ya WhatsApp, yaani “broadcast,” nayo ina siri ambayo wengi hawaijui: ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Unaweza kutuma kwa watu 150 na usiwafikie nusu yao, bila simu kukuonya. Ukitaka kujua, shikilia ujumbe uliotuma, fungua taarifa zake, uone majina ya waliofikiwa.

Kinachojaza viti ni ujumbe wa mtu mmoja kwa mtu mmoja, wenye jina lake. Mwandishi wetu anakaa Jumanne na Jumatano na orodha ya watu 160 wanaoishi Dar na viunga vyake. Nimechukua mara mbili ya viti kwa sababu kwa makadirio yangu nusu ya wanaoitwa kwa jina ndio hutokea, na pakinyesha wanapungua. Ujumbe uwe mfupi na wa kweli:

“Shikamoo Mwalimu. Jumamosi hii saa 9 alasiri nazindua ile riwaya niliyokusimulia mwaka jana. Nimekuwekea kiti safu ya pili. Utaweza kufika?”

Umemaliza na swali, na hilo swali ndilo linalofanya kazi. Tazama majibu. Anayerudisha vikono vya kupiga makofi na “hongera sana” hatakuja, mwandike hivyo bila kinyongo. Anayeuliza “pana pa kuegesha gari?” au “naweza kuja na mwanangu?” yuko njiani tayari. Kufika Alhamisi mchana, hesabu maswali ya namna hiyo. Kama kati ya watu 160 wameuliza watano tu, bado kuna siku moja na nusu ya kupiga simu, na simu zipigwe kwanza kwa wale wenye watu nyuma yao: mwalimu wa kwaya, mwenyekiti wa kikundi cha usomaji, shangazi ambaye akitoka hatoki peke yake. Mmoja wao ana thamani ya bango zima.

Ijumaa jioni bango linarudiwa kila mahali bila aibu, na Jumamosi asubuhi inatumwa picha ya viti vinavyopangwa au ya vitabu vikitolewa kwenye maboksi, na maneno “leo saa 9 alasiri.” Neno “leo” huwatoa nyumbani watu ambao “tarehe 27” haikuwatoa.

Mlangoni pawe na daftari la majina na namba za simu, na kijana mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu. Lipa namba iandikwe kwa herufi kubwa, ibandikwe juu ya meza ya vitabu, kwa sababu mwenye hamu ya kununua akilazimika kuuliza namba mara tatu katikati ya zogo huenda zake. Meza hiyo ikae njia ya kutokea, maana watu hununua wakiondoka, wakishamsikia mwandishi akisoma kurasa mbili tatu.

Baada ya hapo wengi hupumzika, na ni hasara, kwa sababu wiki mbili zinazofuata ndizo za mauzo. Wale waliosema watakuja wakashindwa wana deni kidogo moyoni. Jumapili jioni wapelekewe picha mbili za ukumbi uliojaa na sentensi moja: nakala yako nimeitenga, nikuletee au utapitia? Wa mikoani na wa ughaibuni, wale waliopenda bango bila uwezo wa kuja, nao zamu yao imefika, ila kwao pawe na bei ya usafirishaji iliyokwisha kuulizwa kwenye ofisi ya mabasi au posta, siyo “tutaangalia.” Walioandika majina mlangoni waulizwe baada ya siku kumi wamefikia ukurasa wa ngapi, na atakayejibu kwa maneno mengi aombwe ruhusa ya kuyanukuu.

Kwa mwandishi wa mfano wetu, siku kumi baada ya uzinduzi ni tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ambapo redio hutafuta watu wa kuzungumza nao na shule zikifunguliwa hutafuta waandishi wa kualika. Barua za kuomba nafasi hiyo zilitakiwa ziondoke pamoja na ile ya mgeni rasmi, katikati ya Mei.