Kujiondoa masomoni ni nini hasa

Siku hizi hapa Uganda kila kijana asiyeonekana darasani husemwa kwamba "amejiondoa chuoni", hata kama chuo ndicho kilichomwondoa kwa matokeo mabaya, au alipanda tu basi la kwenda Arua katikati ya muhula bila kukiarifu chuo. Kujiondoa ni jambo moja mahususi: mwanafunzi aliyesajiliwa huomba kwa maandishi kusimamisha masomo, chuo hukubali kwa maandishi, na barua ya kukubaliwa hutaja anaondoka lini na anatarajiwa kurudi lini. Maana ni hiyo tu. Tatizo ni mambo jirani yanayobebeshwa jina hilohilo.

Aliyepewa nafasi na hajaanza masomo, akaomba nafasi hiyo imsubiri hadi mwaka unaofuata, ameahirisha, maana bado hana masomo ya kujiondoa. Aliyebaki kwa mihula mfululizo na wastani wa jumla wa alama ulio chini ya 2.0, chuo kikamwandikia kwamba safari yake imeishia hapo, amesitishwa, na uamuzi haukuwa wake. Hawa wawili huwa hawanisumbui sana, kwa sababu kila mmoja ana karatasi inayoeleza hali yake. Anayenisumbua ni wa tatu, yule aliyetoweka, kwa kuwa ndiye anayetajwa mara nyingi zaidi kuwa amejiondoa, na ndiye asiye na karatasi yoyote.

Tofauti kati ya aliyejiondoa na aliyetoweka haionekani siku ya kuondoka. Wote wawili wamefunga sanduku, wamerudisha ufunguo wa hosteli na wamewaaga wenzao. Huonekana kwenye mfumo wa chuo. Katika vyuo vya umma vinavyotumia ACMIS, mfumo wa kompyuta wa usajili na ada, mwanafunzi anapojiandikisha kwa muhula, ankara ya ada hutolewa kwa jina lake, naye huilipa benki au kwa simu kwa kutumia namba ya malipo iitwayo PRN. Ankara hiyo haijui kwamba mwenyewe yuko nyumbani akimsaidia mama dukani. Hubaki pale kama deni, na mitihani iliyofika bila yeye kutokea, tena bila sababu iliyokubaliwa, huhesabiwa kuwa ameifeli. Baada ya miaka miwili anapotaka nakala ya matokeo ili ahamie chuo kingine, anakuta muhula mzima wa masomo ya kurudia, yaani riteki, na deni la muhula ambao anaamini hakusoma.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye ada yake ya mafunzo ni shilingi 1,500,000 kwa muhula, naye ameilipa yote kabla baba yake hajaugua. Katika masharti ambayo Makerere imekuwa ikiwapa wanafunzi wanaojiunga, anayeruhusiwa kujiondoa hadi mwisho wa wiki ya kwanza ya muhula hurudishiwa ada ya mafunzo yote. Wiki ya pili ni asilimia 80, ya tatu 60, ya nne 40, ya tano 20, na baada ya hapo hakuna kitu. Akikamilisha mambo yake katika wiki ya tatu, anastahili 900,000. Akisubiri hadi wiki ya sita kwa kutumaini kwamba hali ya mzee itatengemaa, amezipoteza zote, ingawa ugonjwa ni uleule na barua ni ileile. Malipo mengine yasiyo ada ya mafunzo, ambayo wanafunzi huyaita fankshono, hayarudishwi kwa aliyekwisha kusajiliwa. Ndiyo maana nikisikia mtu akimwambia kijana "wewe nenda kwanza nyumbani, mambo ya fomu utayamaliza baadaye", huwa natamani kumkatiza.

Fomu zenyewe si fumbo. Barua huandikwa kwa Msajili wa Masomo kupitia kwa mkuu wa idara na msajili wa kitivo au koleji, ikieleza sababu na kuambatanishwa na ushahidi: karatasi ya hospitali, barua ya mwenyekiti wa kijiji, yaani wa LC 1, au maelezo ya mzazi anayelipa ada. Baada ya hapo hufuata fomu ya kutodaiwa, inayozungushwa kwa mkutubi, msimamizi wa bweni, ofisi ya mkuu wa wanafunzi na mhasibu wa chuo, kila mmoja akitia sahihi kwamba hana anachomdai. Kitabu kimoja cha maktaba kilichoazimwa na rafiki kinaweza kuisimamisha fomu nzima, kwa hiyo ni vyema kuanza na maktaba na kumalizia kwa mhasibu. Kisichopaswa kusahaulika ni barua ya majibu. Wengi hupeleka ombi, hupigiwa muhuri wa kupokelewa, kisha huondoka wakidhani muhuri ndio ruhusa, kumbe muhuri unathibitisha tu kwamba karatasi ilifika mezani.

Anayesoma kwa mkopo wa serikali ana ofisi moja zaidi ya kuiandikia, yaani Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Fedha za ada hutoka kwa Bodi na kwenda moja kwa moja chuoni, kwa hiyo kama kuna ada ya kurudishwa katika muhula aliojiondoa, asiihesabu kuwa ni fedha zake za mfukoni. Mihula iliyokwisha kulipiwa inabaki kuwa deni lake, hata kama shahada haikupatikana. Utaratibu unaojulikana, kwamba mkopaji huanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, umefungwa kwenye neno "kumaliza", na aliyeondoka njiani asijipimie mwenyewe mwaka huo. Aiombe Bodi imjibu kwa maandishi kama mkopo umesimamishwa hadi arudi au malipo yanaanza, na salio ni kiasi gani. Wadhamini waliotia sahihi fomu yake nao waelezwe mapema, maana si vizuri mjomba apate habari hizo kwa barua ya madai.

Kuhusu kurudi, ruhusa hulinda nafasi, lakini haisimamishi chuo. Kwa kawaida hutolewa kwa muda usiozidi mwaka mmoja wa masomo kwa wakati mmoja, na anayerudi huingia na darasa lililokuwa nyuma yake. Kozi alizofaulu hubaki zake, ila mtaala ukiwa umefanyiwa marekebisho huenda akadaiwa kozi ambayo wenzake wa awali hawakuisoma. Tena kila programu ina muda wa mwisho wa kukamilishwa, na kanuni za chuo chake ndizo zinazosema kama mwaka alioukaa nyumbani unahesabiwa ndani yake. Ni swali la kuulizwa kwa msajili kabla ya kuondoka. Barua ikisema Agosti, aripoti kwa maandishi kabla ya Agosti. Akishindwa, aombe kuongezewa muda kabla tarehe haijapita, kwa kuwa ikipita bila neno lolote, aliyejiondoa naye huwa ametoweka.

Basi mzazi anayeulizwa na majirani wa Bombo habari za binti yake, asione haya kusema kwamba amejiondoa kwa ruhusa hadi Agosti, mradi barua ipo. Kama haipo, na muhula bado uko wiki ya tatu, binti apande teksi kesho asubuhi akaiombe.