Akaunti mbili kwenye simu ya laini mbili: apu pacha inakaa wapi hasa?

Watu wengi huja kwangu wakiamini kwamba akaunti ya kwanza ya WhatsApp iko kwenye laini ya kwanza na ya pili iko kwenye laini ya pili. Haiko hivyo. Laini inahitajika siku ya kusajili tu, ili upokee ile namba ya uthibitisho ya tarakimu sita. Baada ya hapo apu haijali meseji zinapita kwenye bando la laini ipi. Unaweza kuichomoa laini ya pili na akaunti yake ikaendelea kupokea meseji kwa intaneti ya laini ya kwanza. Akaunti yenyewe inaishi kwenye folda moja ndani ya simu, na anayeimiliki folda hiyo ndiye mwenye meseji zako.

Androidi haikuruhusu kuweka apu moja mara mbili kwa mtumiaji mmoja, kwa sababu inaitambua kwa jina lake la ndani. La WhatsApp ni `com.whatsapp`. Ndiyo maana kila njia ya kupata pacha, yaani nakala ya pili ya apu ile ile, ni ujanja wa aina fulani, na ujanja hutofautiana sana kwa usalama.

Ujanja wa kwanza ni ule uliojengwa na mtengenezaji wa simu. Samsung huuita Dual Messenger, Xiaomi huuita Dual apps. Hapo mfumo huunda mtumiaji wa pili aliyefichwa, mwenye hifadhi yake, na kumwekea apu ile ile isiyoguswa, yenye saini ya watengenezaji wake. Ukiwa na kompyuta yenye programu ya adb, waya, na USB debugging imewashwa kwenye simu, unaweza kumwona:

```
adb shell pm list users
```

Mtumiaji namba 0 ni wewe. Kwenye Samsung pacha huwa namba 95, kwenye Xiaomi 999. Apu ya kawaida na pacha wake hazisomi mafaili ya mwenzake, kwa hiyo usishangae picha iliyopokelewa na pacha isipoonekana mahali ulipozoea. Iko kwenye hifadhi ya mtumiaji yule mwingine.

Ujanja wa pili ni apu ya kukloni unayopakua mwenyewe. Hii haina uwezo wa kuunda mtumiaji mpya, kwa hiyo hufanya jambo jingine: inakuwa nyumba, kisha inaendesha WhatsApp ndani yake kama mpangaji. Kwa macho ya Androidi, mpangaji hayupo kabisa. Nenda kwenye orodha ya apu katika mipangilio ya simu. Utaona nyumba peke yake, na chaji yote inayotumiwa na pacha imeandikwa kwa jina la nyumba. Hicho ndicho kipimo changu cha haraka mtu anapoweka simu mezani.

Mpangaji anapotumia maiki, kamera au majina ya watu wako, anatumia ruhusa za mwenye nyumba. Ndiyo sababu apu hizi huomba kila kitu siku ya kwanza, hata kabla hujachagua cha kukloni. Na folda yenye meseji iko ndani ya nyumba. Hapa watu hunijibu, “Lakini fundi, si meseji zimefungwa mwanzo hadi mwisho?” Zimefungwa zikiwa njiani. Zikishafika kwenye simu hufunguliwa ili uzisome, na faili la `msgstore.db` ambalo apu hulitumia humo ndani halijafungwa. Kinacholilinda ni ukuta ambao Androidi huuweka kati ya apu na apu. Ukishamweka mpangaji ndani ya nyumba ya mtu, ukuta huo haupo tena kati yao. Sisemi kwamba kila mwenye nyumba anachungulia. Nasema hakuna cha kumzuia.

Kuna na njia ya tatu, apu zilizofumuliwa na kushonwa upya kwa jina jingine. Hizi sitaki hata kuzigusa. Mwaka 2021 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, waliikuta trojani ya Triada ndani ya toleo la FMWhatsApp, na mwaka 2022 wakakuta programu hasidi ndani ya YoWhatsApp ikiiba funguo za akaunti. WhatsApp wenyewe huwafungia watumiaji wa apu hizi.

Sasa kisa. Mshonaji mmoja aliniletea simu iliyojaa. Namba yake ya pili ilikuwa ya wateja, na aliiendesha ndani ya apu ya kukloni. Siku iliyotangulia alitafuta kinachokula nafasi, akaona apu moja yenye gigabaiti nne, jina lake halikumwambia chochote, akaifuta. Alikuwa ameifuta nyumba na mpangaji wake. Vipimo vya wateja, picha za mishono, makubaliano ya malipo, vyote vilikuwa humo.

Akaunti tuliipata upesi kwa kuwa laini yake ilikuwa bado hai. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp walitangaza kwamba apu yenyewe kwenye Androidi inaweza kubeba akaunti mbili: unaingia Settings, unagusa mshale ulio kando ya jina lako, kisha Add account. Tukaandika namba ya pili, meseji ya uthibitisho ikaingia, makundi yote yakarudi, maana orodha ya wanachama hukaa kwenye seva. Mazungumzo hayakurudi. Nakala rudufu ya ndani ya simu ilikuwa imehifadhiwa katika folda ile ile ya nyumba ikafutwa nayo, na ile ya Google Drive haikuwahi kuwashwa, kwa sababu ndani ya kloni akaunti yake ya Google ilikuwa haionekani.

“Kwa hiyo hakuna namna?” akauliza.

Namna ilikuwa kwa wateja. Kila mazungumzo yana pande mbili. Tulimwandikia meseji fupi ya kuwaomba wateja wakubwa waguse Export chat na kumtumia. Wengi walituma. Vipimo vingi vikapatikana, vya wengine akapima upya.

Angalikuja kabla ya kufuta, ningemfanyia hilo hilo kutoka upande wake: kufungua kila mazungumzo muhimu ndani ya kloni, Export chat, kulituma kwenye barua pepe yake, na baada ya hapo tu kuisajili namba kwenye apu rasmi. Usajili mpya huitoa akaunti kule ilikokuwa, kwa hiyo mpangilio huu haupinduliwi. Tahadhari hiyo inawahusu hata wenye Dual Messenger. Ukizima swichi ya pacha, data yake hufutwa.

Kabla hajaondoka tulikagua jambo jingine. Laini ile ya pili alikuwa haiwekei salio. Kwa kuwa apu haihitaji laini baada ya usajili, ni rahisi kuisahau mpaka kampuni ya simu inaifunga na kumpa mtu mwingine namba hiyo. Mwenye laini mpya akisajili, namba ya uthibitisho inaingia kwake na akaunti yako inatoka kwenye simu yako. Tukawasha pini ya tarakimu sita ya Two-step verification kwenye akaunti zote mbili, na barua pepe ya kuirejesha. Pini humchelewesha tu: mtu mwenye laini asiyeijua pini anaweza kusajili upya baada ya siku saba. Laini akaiwekea salio pale pale mezani.

Wiki iliyofuata alinipigia kulalamika kwamba akaunti zote mbili hunyamaza akiwa anaongea na simu. Data yake ilikuwa kwenye laini ya pili na maongezi kwenye ya kwanza, na simu nyingi za laini mbili haziwezi kuhudumia zote kwa wakati mmoja. Akahamisha data, likaisha.