Uvimbe wa shingo usiouma

“Uvimbe wa shingoni usipouma hauna neno, si ndiyo?”

Hapana. Uvimbe wa saratani mwanzoni mara nyingi hauumi. Mfano ni saratani ya nyuma ya pua, ambayo mara nyingi huanzia kando ya tundu la mrija unaopeleka hewa sikioni. Mrija ukizibwa, maji hujaa nyuma ya ngoma ya sikio na sikio moja huwa zito. Pua nayo huziba, pengine kamasi lina damu. Tezi nazo huvimba juu shingoni, chini ya sikio.

Virusi vya Epstein-Barr, vinavyoenea kwa mate, huchangia. Ila watu wazima wengi wanavyo bila saratani, hivyo kukutwa navyo kwenye damu hakuthibitishi ugonjwa. Uvimbe ukipita wiki 3, daktari wa masikio, pua na koo achungulie nyuma ya pua kwa kamera nyembamba, na akiona kitu akate kutoka hapo kinyama cha kupima.