Kichwa kimoja elfu 15, kingine elfu 22: tengeneza orodha ya bei za kipimo

Mimi kazi yangu ni kupitia bajeti za miradi kabla hazijatoka kwenda kwa wafadhili, na ugomvi unaojirudia sana ni wa chakula cha semina. Mwaka mmoja tulipeleka bajeti mbili kwa mfadhili yuleyule wiki moja, huku chakula elfu 15 kwa kichwa na huku elfu 22, semina zote Dodoma. Akauliza hivi nyie mnanunua wapi? Hakuna aliyeiba, ila kila mtu aliandika bei aliyoikumbuka.

Dawa yake ni orodha moja ya bei za vitu mnavyonunua kila mara, yaani chakula, ukumbi, dizeli, kuchapisha, posho. Lakini watu wengi wanaiandika vibaya, wanaweka "chakula - 20,000" basi. Hapo hujaandika bei, umeandika namba tu. Chakula gani? Cha mchana peke yake au na chai mbili na maji? Na VAT imo au haimo?

Chukua mfano huu, namba za kufundishia tu. Umeomba profoma tatu za kifurushi kilekile, chai ya asubuhi, chakula cha mchana, chai ya jioni na maji chupa mbili. Wa kwanza kasema 18,000, wa pili 20,000, wa tatu 19,500. Haraka haraka unamchukua wa kwanza si ndiyo? Sasa soma chini kwa maandishi madogo, wa kwanza na wa tatu wameandika bila VAT. Ukiweka ile 18% ya Tanzania Bara, wa kwanza anakuwa 21,240 na wa tatu 23,010, wa pili bei yake ilikuwa na VAT tayari kwa hiyo anabaki 20,000, na yule uliyedhani ni rahisi kumbe ni wa katikati. Mimi kwenye orodha naweka ya katikati nikiizungushia juu kidogo, 21,500. Ya chini kabisa siiweki, maana yule bwana siku ya semina anaweza akawa na harusi na wewe unabaki na bajeti isiyotosha.

Kwa hiyo laini moja ya orodha inakuwa na: namba ya kitu (mfano CHK-01), maelezo kamili ya kilichomo, kipimo (mtu kwa siku), kama VAT imo, bei, tarehe ya profoma na imetoka wapi. Hicho kipimo usikichezee. Ukumbi unauzwa kwa siku, chakula kwa mtu kwa siku, na mtu akichanganya anazidisha ukumbi mara watu 40, nimeshaona kwa macho yangu.

Dizeli iweke kwa lita, usiweke kwa safari. Safari ya km 480 kwa gari linalokula lita moja kila km 8 ni lita 60, hesabu hiyo inakaa kwenye bajeti yenyewe, orodha inabeba bei ya lita tu. Na chanzo kipo wazi, EWURA wanatoa bei kikomo kila mwezi, Jumatano ya kwanza. Posho nayo haina haja ya profoma, chanzo ni sera ya taasisi yenu, andika hivyohivyo.

Kwenye eksel usichape bei kwa mkono, chapa namba ya kitu halafu fomula iivute kutoka shiti ya orodha, hapa bei ipo safu ya tano:

```
=VLOOKUP(A5,BEI!A:G,5,FALSE)
```

Hilo neno FALSE usilisahau, bila hilo eksel inaweza kukupa bei ya kitu jirani na isikuambie kitu. Ukiliweka, namba isiyokuwepo inaleta #N/A, na hiyo ndo unayoitaka.

Sasa kosa nililolifanya mwenyewe: niliunganisha bajeti zote na faili moja la bei, nikabadilisha bei ya dizeli, bajeti iliyoshasainiwa ikabadilika jumla yake na haikufanana tena na mkataba. Siku hizi kila bajeti inabeba nakala yake ya shiti ya BEI, juu imeandikwa toleo, mfano "Julai 2025". Orodha ikibadilika inakuwa toleo jipya kwa bajeti mpya, zilizotoka zinabaki na lake.

Na kila robo mwaka nalinganisha na risiti, kitu ambacho risiti zake zimepishana na orodha kwa zaidi ya 10% mara mbili mfululizo naombea profoma mpya, vingine naviacha hadi mwaka wa fedha uishe.