Saa 7:00 asubuhi ni saa ngapi? Kunyoosha tangazo lililotafsiriwa na mashine

Mwaka juzi katikati ya Septemba, katibu kijana wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho upande wa Tandahimba alinitumia picha ya tangazo kwenye simu. "Mama, shikamoo. Naomba uninyooshee hili tangazo la msimu. Nimelibandika tangu jana, watu wanalisoma halafu wanakuja kuniuliza mimi limesema nini. Nami naogopa kulibadilisha, nisije nikaharibu."

Hofu yake ilikuwa ya haki. Mimi ni mhariri, na kazi nyingi ninazoletewa hapa Mtwara ni barua na matangazo ya aina hii: ofisi imeandika kwa Kiingereza, imepitisha kwenye programu ya kutafsiri, imepiga muhuri na kusambaza. Kilicho kigumu ni kulipa tangazo Kiswahili cha watu huku kila tarehe, kila sharti na kila "huenda" vikibaki pale pale vilipokuwa.

Nimeondoa jina la ofisi na kumbukumbu namba. Yaliyobaki ndiyo haya:

"Wakulima wote wanajulishwa hapa kwamba ukusanyaji wa korosho mbichi katika jamii ya msingi utaanza siku ya Jumatatu tarehe 7 Oktoba, kutoka saa 7:00 asubuhi hadi saa 4:00 jioni kila siku ya kazi. Korosho yako lazima iwe kavu na huru kutokana na jambo la kigeni. Korosho ambayo haikutani na mahitaji inaweza kukataliwa. Mkulima atapokea risiti baada ya kupimwa. Maombi kwa ajili ya magunia lazima yawasilishwe si baadaye kuliko tarehe 30 Septemba, na kila mwanachama anaweza kuomba hadi magunia 20. Malipo yatafanywa ndani ya siku saba za kazi za mnada. Mkutano wa wanachama utashikiliwa Jumamosi tarehe 5 Oktoba saa 3:00 asubuhi."

Kabla sijagusa neno, nilichukua karatasi nikaandika kila jambo linalotangazwa kwenye mstari wake: nani, nini, wapi, lini, kiasi gani, na kama ni lazima au ni hiari. Nikahesabu namba pia, zikawa nane pamoja na ile "saba" iliyoandikwa kwa maneno. Karatasi hiyo ndiyo inayonilinda baadaye, kwa sababu sentensi ikishakuwa tamu sikioni, jicho huacha kuuliza kama bado inasema kilekile.

Nianze na saa, maana ndizo zilizokuwa zikiwachanganya wakulima. Sisi tunahesabu saa ya kwanza jua likishachomoza. Kiingereza kinahesabu kuanzia usiku wa manane. Tofauti ni saa sita. Mashine huhamisha tarakimu kama ilivyo na kubadilisha neno la mbele tu, ndipo tunapata "saa 7:00 asubuhi", saa ambayo kwetu haipo. Saa 7:00 ni ya mchana au ya usiku. Mkulima mmoja aliamua kwamba "asubuhi" imekosewa, akajipangia kufika saa 7:00 mchana. Mwingine alidhani ni saa 1:00 asubuhi. Na "saa 4:00 jioni" nayo haipo kwetu. Saa 4:00 ni ya asubuhi au ya usiku.

Dawa inaonekana rahisi: ondoa au ongeza sita, basi. Lakini tazama mstari wa mwisho. Mkutano ni "saa 3:00 asubuhi". Ukiupitishia kanuni ileile unapata saa 9:00 usiku, na hakuna chama kinachokutanisha wanachama wake saa 9:00 usiku. Maana yake kuna mtu aliyekuwa ameshairekebisha saa hiyo moja kwa mkono na kuziacha nyingine mbili. Matangazo ya mchanganyiko huo nakutana nayo mara nyingi, ndiyo maana siku hizi sibadilishi saa hata moja kwa akili yangu. Naomba nakala ya awali, au nampigia aliyeliandika. Katibu alipiga simu ofisini, wakamsomea ya Kiingereza: kupokea ni saa 1:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni, na mkutano ni saa 3:00 asubuhi kama ulivyoandikwa.

Baada ya saa, maneno ya korosho yenyewe. Mashine imeandika "korosho mbichi", kwa kuwa neno la Kiingereza lina maana zote mbili, kibichi na kisichosindikwa. Kwa mkulima wa kusini, korosho mbichi ni ile iliyotoka kwenye bibo jana na bado ina unyevu, yaani ile hasa ambayo mstari unaofuata unaikataza. Tangazo lilikuwa linamwambia alete mbichi na kisha linamwambia ziwe kavu. Neno la biashara hii ni korosho ghafi. "Jamii ya msingi" nayo ni chama cha msingi, na hapa hakuna cha kubishania.

"Risiti" ilinichukua muda zaidi. Ni neno sahihi la Kiswahili, na anayesahihisha kwa haraka ataliacha. Ila risiti kwa watu wengi ni karatasi ya fedha iliyokwisha kulipwa. Tangu korosho za Mtwara zianze kuuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani msimu wa 2007/08, mkulima hukabidhi mzigo kwanza, korosho zikaenda mnadani, malipo yakafuata. Anachopewa siku ya kukabidhi ni hati kwamba mzigo umepokelewa, na neno lake ni stakabadhi. Hapo pia nilithibitisha na katibu kuwa ndiyo hati waliyoikusudia. Na isomeke vizuri ile sentensi: "mkulima atapokea risiti baada ya kupimwa". Kwa sarufi yetu anayepimwa hapo ni mkulima. Zinazopimwa ni korosho.

"Jambo la kigeni" ni kitu chochote kisichokuwa korosho. Mwenzangu niliyemwonyesha alipendekeza niandike "mawe, mchanga na majani" ili ieleweke upesi. Nilikataa, ingawa nilielewa nia yake. Orodha ya vitu vitatu ni sharti jipya. Mtu atakuja na vipande vya bibo lililokauka na kusema havikutajwa, naye atakuwa na haki. Nikaandika "zisichanganyike na kitu kingine chochote", ambayo inaeleweka na haipungui wala haizidi.

Kuna maneno madogo matatu ambayo wahariri wazuri huyaharibu bila kujua, kwa sababu Kiswahili laini huvutia upande mwingine.

La kwanza ni "si baadaye kuliko tarehe 30 Septemba". Linasumbua sikio, na mkono unakimbilia "kabla ya tarehe 30". Hapo umemnyang'anya mkulima siku nzima, maana kabla ya tarehe 30 ni tarehe 29 kurudi nyuma. Asili inaipokea tarehe 30 yenyewe. "Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 30 Septemba" ni Kiswahili cha kawaida kabisa na siku inabaki.

La pili ni "inaweza kukataliwa". "Zitakataliwa" inasikika imara zaidi, lakini imemwondolea mpokeaji nafasi ya kuamua. Kadhalika "anaweza kuomba hadi magunia 20" haimaanishi kwamba atapewa 20. Kuomba ni kwake, kupewa hakujatajwa popote, na mimi siwezi kuongeza ahadi hiyo.

La tatu ndilo lililonitia wasiwasi kuliko yote: "siku saba za kazi za mnada". Kama ilivyo, inasomeka kana kwamba mnada unachukua siku saba. Ilikusudiwa siku saba za kazi baada ya mnada. Wengi wakishaliona hilo huandika "ndani ya siku saba baada ya mnada", na neno "kazi" linaanguka njiani. Chukua mnada wa Ijumaa tarehe 11 Oktoba. Siku saba za kawaida zinaishia tarehe 18. Siku saba za kazi zinaruka Jumamosi na Jumapili, zinaruka na Jumatatu tarehe 14 ambayo ni Siku ya Nyerere, kisha wikiendi ya pili, zinafika Jumatano tarehe 23. Tofauti ni siku tano. Mtu aliyeahidi kulipa ada au deni tarehe 18 atakwenda kumdai katibu kwa kosa la mhariri.

Jambo jingine sikuligusa kwa makusudi. Tangazo linasema malipo "yatafanywa", halisemi na nani. Kiswahili kinapenda mtenda ajulikane, na "chama kitalipa" ingekuwa sentensi nzuri zaidi. Ila hiyo ni ahadi, na chama hakijaitoa. Nikaacha hivyohivyo.

Baada ya hapo kuandika hakukuchukua hata nusu saa. Nililifunika la mashine, nikaandika kwa kutazama karatasi yangu ya mistari tu, maana ukiwa na sentensi ngumu mbele ya macho unaishia kuipaka rangi badala ya kuijenga upya:

"Wakulima wote mnatangaziwa kuwa korosho ghafi zitaanza kupokelewa katika chama cha msingi Jumatatu, tarehe 7 Oktoba. Zitapokelewa kila siku ya kazi, kuanzia saa 1:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni. Korosho lazima ziwe kavu na zisichanganyike na kitu kingine chochote. Korosho zisizotimiza masharti zinaweza kukataliwa. Korosho zikishapimwa uzito, mkulima atapewa stakabadhi.

Kila mwanachama anaweza kuomba magunia yasiyozidi 20. Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 30 Septemba.

Malipo yatafanyika ndani ya siku saba za kazi baada ya mnada.

Mkutano wa wanachama utafanyika Jumamosi, tarehe 5 Oktoba, saa 3:00 asubuhi."

Nikahesabu namba: nane. Nikapitia mistari ya karatasi mmoja mmoja, nikiweka alama pale nilipouona ndani ya tangazo. Kisha nikarudi kwa njia ya pili, kutoka tangazo kwenda karatasi, kuona kama kuna kilichoingia ambacho hakikuwemo. Njia hii ya pili ndiyo inayonasa nyongeza. Hapo niligundua nilikuwa nimeandika "masharti haya", nikalifuta lile "haya", kwa sababu asili ilisema masharti kwa jumla na huenda yapo mengine nje ya tangazo.

Nilimwomba katibu asilibandike kwanza. Amsomee mtu ambaye hajaliona, kisha amuulize maswali ya kawaida: utakuja lini, saa ngapi, utaleta nini, utarudi na nini mkononi. Akamsomea mama yake jioni ile. Mama alijibu yote sawasawa, kisha akauliza: "Na hiyo tarehe 30 yenyewe, nikienda wananipokelea?"

Katibu akanipigia. Nikamwambia awaulize ofisini kabla hatujaongeza neno. Asubuhi wakajibu kwamba wanapokea hadi ofisi ifungwe siku hiyo, na mstari ule ukatoka hivi: "Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 30 Septemba, na tarehe hiyo imo."